Samadi ya ng'ombe wa bandani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mboji, usalama na bayogesi

Hesabu zote hapa chini ni za banda la ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa ndani mwaka mzima, kila mmoja akiwa na uzito wa kilo 400 hivi. Mwenye wanne azidishe mara mbili. Mwenye mmoja asome hasa sehemu ya ukubwa wa lundo, maana hapo ndipo atakapopata shida.

Ng'ombe wawili wanatoa samadi kiasi gani?

Kila mmoja hutoa kinyesi kibichi cha kilo 20 hivi kwa siku, wakati mwingine zaidi akishiba vizuri, pamoja na mkojo wa lita 10 au zaidi. Kwa wawili ni ndoo mbili kubwa za lita 20 zilizojaa kinyesi kila siku. Lakini usidanganywe na uzito huo, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya kinyesi kibichi ni maji. Katika kilo 40 za siku moja, kitu kikavu hakifiki hata kilo nane.

Jambo hili la maji ndilo chanzo cha karibu kila tatizo la samadi ya bandani. Ng'ombe anayetoka malishoni hutawanya kinyesi chake na jua likakikausha. Wa bandani anakirundika mahali pamoja, kikiwa kizito na chenye majimaji, na sisi tunaendelea kukirundika vivyo hivyo nje.

Kwa nini nisikipeleke shambani kikiwa kibichi? Wazee walifanya hivyo.

Shida ya kwanza ni mbegu za magugu. Nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai na hutoka zimewekewa mbolea tayari. Ya pili ni mimea kuungua: kinyesi kibichi na mkojo vinapooza karibu na mizizi hutoa amonia, na mche mchanga hauvumilii. Ya tatu, na ndiyo nzito kuliko zote, ni vimelea. Ng'ombe anayeonekana mzima kabisa anaweza kutoa kwenye kinyesi bakteria wa E. koli wa aina kali, salmonela na vimelea vingine vya kuharisha. Kwenye mahindi hatari ni ndogo, kwa sababu punje iko juu na hupikwa. Kwenye saladi, karoti au kitunguu kinacholiwa kibichi, habari ni nyingine.

Kama huna budi kutumia kibichi, kifukie kwenye udongo siku hiyohiyo, kisha hesabu siku. Kanuni inayofuatwa sana katika kilimo hai ni siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna, ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo. Ikiwa haigusi, kama mahindi, ni siku 90. Ukitazama mboga nyingi za majani zinavyokomaa upesi, utaona kwamba siku 120 kwa kweli ni kusema: usiweke kabisa.

Lundo langu limekaa miezi minne na ndani bado ni kinyesi. Nimekosea wapi?

Hili nalijibu kwa aibu, kwa sababu lundo langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo. Nilimwaga toroli juu ya toroli nyuma ya banda, nikasubiri msimu mzima nikiamini muda ndio unaotengeneza mboji. Nilipolikata kwa jembe, juu palikuwa na ganda kavu la inchi mbili, chini yake tope la kijani linalonuka kama siku lilipotoka. Nikalipeleka shambani hivyohivyo. Mahindi yaliota yakiwa ya njano, na magugu yakaota mengi kuliko mahindi.

Nilichokosa si muda, ni hewa. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaopandisha joto la lundo, wanapumua kama sisi, na kinyesi kitupu hakina matundu ya hewa. Wakikosa hewa, nafasi yao inachukuliwa na wale wasiohitaji hewa. Hao hufanya kazi polepole, bila joto, na hutoa harufu. Dawa yake ni kuchanganya kitu kikavu na kigumu kidogo, kinachofyonza maji na kushikilia nafasi za hewa katikati ya tope.

Nichanganye nini, na kwa kiasi gani?

Mabua ya mahindi yaliyokatwa, masalia ya majani ya tembo ambayo ng'ombe ameyakataa, majani makavu, pumba ngumu, malalo yenyewe ya banda. Kata vipande vya urefu wa kidole. Mabua mazima huacha mashimo makubwa yanayopoza lundo, na unga wa mbao mtupu huziba hewa tena. Unga huo pia una nitrojeni kidogo mno kiasi kwamba wadudu wa lundo watainyang'anya kutoka kwenye kinyesi na kuichelewesha kufika kwa mimea. Uuchanganye kidogo tu.

Kipimo ninachotumia ni ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo tatu za mabua yaliyokatwa na kushindiliwa kidogo. Wengi wanashtuka kusikia tatu, lakini ndoo ya kinyesi ina kilo 20 na ndoo ya mabua haifiki kilo mbili. Kwa uzito, kinyesi bado ni zaidi ya mara tatu ya mabua. Mchanganyiko huo unafikisha kaboni ya kutosha kwa nitrojeni iliyopo, takriban 30 kwa 1, na ndivyo lundo linavyopenda. Bado utakuwa na unyevu kupita kiasi kidogo, kwa hiyo nakiacha kinyesi kichuje maji kivulini siku moja kabla ya kuchanganya. Ukipata cha jana badala ya cha asubuhi hii, kazi ni rahisi.

Kupima unyevu, chota kiganja cha mchanganyiko kutoka ndani, kikamue kwa nguvu. Yakidondoka matone mfululizo, ongeza mabua. Kikivunjika mara ufunguapo mkono na kiganja kikabaki kikavu, nyunyiza maji, au bora zaidi mkojo. Unachotaka ni bonge linaloshikana na kuacha kiganja kikiwa na unyevu, labda tone moja au mawili kati ya vidole.

Mkojo unaelekea kwenye mtaro. Je, una maana yoyote?

Karibu nusu ya nitrojeni yote inayotoka kwa ng'ombe iko kwenye mkojo, na sehemu kubwa ya potasiamu pia. Fosforasi ndiyo inayobaki kwenye kinyesi. Kwa hiyo mwenye kukusanya kinyesi tu ameokota nusu ya mali na kuiacha nusu nyingine ikitiririka.

Tena inatoroka haraka. Kwenye kinyesi kuna kimeng'enya kinachovunja yurea ya mkojo na kuigeuza amonia, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache tu mkojo ukichanganyika na kinyesi sakafuni. Ukiingia bandani alfajiri na macho yakawasha, unachonusa ni mbolea yako ikielea hewani. Sakafu yenye mteremko mdogo kuelekea mfereji, na chombo chenye kifuniko mwisho wa mfereji, huokoa kiasi kikubwa. Pasipo mfereji, malalo makavu ya kutosha yanayobadilishwa kila siku hufanya kazi ileile, kwa sababu hunywa mkojo kabla haujasambaa.

Kuna kosa moja linafanywa kwa nia njema: kumwaga majivu mengi au chokaa juu ya samadi ili kupunguza harufu. Vyote viwili hupandisha alikali, na amonia huchomoka kwa kasi zaidi. Konzi ya majivu hapa na pale haina neno. Ndoo nzima ni hasara.

Lundo liwe kubwa kiasi gani, na linajengwaje?

Likiwa chini ya mita moja kila upande, joto linatoroka kuliko linavyotengenezwa. Likizidi mita moja na nusu kwenda juu, linajishindilia lenyewe na kukosa hewa katikati. Ng'ombe wawili kwa wiki moja wanatoa ndoo 14 za kinyesi. Ongeza ndoo 42 za mabua na unapata lundo la karibu mita moja kila upande. Mwenye ng'ombe mmoja akusanye kwa wiki mbili, akichanganya na mabua kila siku chini ya paa ili nzi wasipate mahali pa kutagia.

Mimi huanza na tabaka la matawi membamba chini, kimo cha shibiri moja, ili hewa iingie kutokea chini. Juu yake nachanganya kwanza chini kwa uma, ndipo napandisha. Watu wengi wamefundishwa kupanga matabaka kama keki, tabaka la kinyesi, tabaka la majani. Inapendeza kutazama, lakini tabaka la kinyesi linabaki kuwa tope na la majani linabaki kavu hadi siku ya kwanza ya kugeuza. Kuchanganya tangu mwanzo kunakuokoa siku kadhaa.

Funika na majani ya migomba, nyasi nene au turubai lililoinuliwa kidogo. Mvua inayopita ndani ya lundo huosha potasiamu na nitrojeni na kuzipeleka kwenye mtaro. Kwa sababu hiyohiyo, lundo likae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na upande wa chini wa mteremko.

Nitajuaje limepata joto la kutosha kuua vimelea?

Tafuta kipande cha chuma cha ujenzi chenye urefu wa mita moja hivi. Kichome hadi katikati ya lundo, kiache dakika kumi, ukichomoe na kukishika sehemu iliyokuwa ndani kabisa. Kikiwa vuguvugu kama mkono wako, bado. Ukiweza kukishika lakini kwa kuguna, umefika karibu nyuzi 50 za Selsiasi. Ukikiachia mwenyewe kabla hujafikiri, umevuka 55, na huko ndiko unakotaka. Mwenye kipimajoto kirefu atumie hicho, ni bora kuliko ujasiri wa vidole.

Kwenye lundo lililochanganywa vizuri, chuma huanza kuunguza siku ya tatu au ya nne. Kati ya nyuzi 55 na 65 mbegu nyingi za magugu na bakteria wa magonjwa hufa. Likipanda kupita 70, wadudu wenye manufaa nao huanza kufa, na utaona ndani vumbi jeupe na vipande vikavu vilivyofifia kama vimechomwa. Hapo geuza na unyunyize maji.

Kugeuza ni lazima? Mgongo unauma.

Nilikuwa nakwepa hadi nilipopiga hesabu. Chukua lundo la mita moja kila upande, useme sentimita 15 za nje hazipati joto kwa sababu ya upepo na baridi ya usiku. Toa ukoko huo juu na pande zote, kilichobaki katikati ni takriban asilimia 42 tu. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya lundo lako haijapikwa hata kama chuma cha katikati kinaunguza. Kinyesi kilichoko kwenye ukoko huo kina mbegu zote na vimelea vyote kama siku ya kwanza.

Kanuni ya malundo yanayogeuzwa ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na kuyageuza angalau mara tano ndani ya muda huo, ili kila sehemu ipate zamu yake katikati. Kwa lundo la nyumbani, hiyo ni kugeuza kila baada ya siku tatu. Chuma kikichomwa siku moja baada ya kugeuza kinapaswa kuwa cha moto tena. Kisipokuwa hivyo, kamua kiganja uone kama limekauka, maana ndiyo sababu ya kawaida kufikia wiki ya pili.

Kugeuza hakumaanishi kulikoroga lilipo. Ondoa ukoko wa nje kwa uma uuweke kando, hamisha kiini kwenye nafasi mpya kiwe msingi na pande, kisha ukoko uutie katikati. Mtu mmoja hutumia nusu saa hivi. Atakayeshindwa kabisa kugeuza bado anaweza kupata mboji ya mahindi na majani ya ng'ombe, ila asiiite salama kwa mboga za kuliwa mbichi.

Kuna funza wengi na harufu kali. Nifanye nini?

Harufu hukwambia yenyewe kilichoharibika. Ikichoma pua kama mkojo wa zamani, nitrojeni imezidi, ongeza mabua. Ikiwa ya yai bovu au ya dimbwi, hewa imekosekana, geuza na uongeze vitu vigumu. Lundo zuri katikati ya wiki ya pili hunuka kama majani yaliyochemka.

Funza wanaishi kwenye ukoko kwa sababu katikati panawaunguza. Nzi hukamilisha safari ya yai hadi nzi kamili kwa siku saba hadi kumi hivi pakiwa na joto, kwa hiyo ukigeuza kila siku tatu na kutia ukoko ndani, hakuna atakayefika mwisho. Hapa sijawahi kuhitaji dawa ya kunyunyiza, na nisingependa itumike, kwa sababu itaua pia wale unaowategemea.

Vitu gani visiingie kwenye lundo?

Kondo la nyuma, ndama aliyezaliwa mfu na majimaji ya ng'ombe aliyetupa mimba. Sababu mojawapo kubwa ya kutupa mimba ni bruselosisi, na mtu huambukizwa kwa kugusa vitu hivyo, hasa mkono ukiwa na mchubuko. Vifukiwe kwenda chini, mbali na maji na mbwa, au vichomwe moto, na anayevishika avae glavu. Daktari wa mifugo ajulishwe. Maji yanayotiririka baada ya kumnyunyizia ng'ombe dawa ya kupe nayo yasielekezwe kwenye lundo.

La pili ni gumu kuona. Ziko dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama zile zenye aminopairalidi, zinazotumiwa kwenye malisho ya nyasi. Zinapita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, zinapita kwenye joto la lundo zikiwa nzima, kisha zinaua maharage na nyanya zako. Ukinunua hei au nyasi kutoka kwa mtu usiyejua alinyunyizia nini, jaribu mboji kabla ya kuitumia. Panda maharage kwenye makopo matatu ya mboji iliyochanganywa na udongo wa kawaida, na matatu ya udongo mtupu. Ngoja wiki tatu. Majani mapya yakijikunja kama kikombe kwenye makopo ya mboji peke yake, mboji hiyo ipeleke kwenye majani ya ng'ombe au mahindi, si kwenye bustani.

Imeiva lini?

Baada ya wiki tatu za moto lundo linapoa, hata ukigeuza halipandi tena. Hapo haijaiva bado. Liache lifunikwe, lenye unyevu kidogo, kwa wiki sita hadi nane nyingine. Minyoo itaingia yenyewe kutoka chini. Jumla ni miezi miwili hadi miwili na nusu, na kimo kitakuwa kimeshuka hadi karibu nusu.

Jaribio langu la mwisho ni la mfuko. Lowesha konzi mbili za mboji, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga hewa isiingie, weka ndani siku tatu. Fungua unuse. Ikinuka udongo baada ya mvua, imeiva. Ikitoa uchachu au uvundo, bado kuna kitu kinachooza ndani, na kitaendelea kuozea kwenye mizizi ya mimea yako.

Niweke kiasi gani shambani?

Tani 10 kwa hekta ni kiwango cha kawaida, yaani kilo moja kwa kila mita ya mraba. Kwa mahindi ni bora kuiweka kwenye shimo kuliko kuitawanya: konzi mbili za mikono yote miwili kwa kila shimo, karibu gramu 400, zichanganywe na udongo kabla ya mbegu. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, inafika tani 10 na kidogo kwa hekta.

Ng'ombe wawili kwa mwaka, ukichanganya mabua kama nilivyoeleza, watakupa mboji iliyoiva ya tani tano au sita. Hiyo inatosha nusu hekta. Usitegemee nitrojeni yote msimu wa kwanza, kwa sababu nyingi imefungwa na huachiliwa polepole kwa misimu kadhaa. Mahindi yakionyesha unjano wiki ya nne, mkojo uliochanganywa na maji mara tatu hadi tano, ukimwagwa kando ya shina na si juu ya majani, hurekebisha haraka kuliko kuongeza mboji.

Je, ng'ombe wawili wanatosha kwa bayogesi?

Wanatosha kupika. Kilo moja ya kinyesi kibichi hutoa lita 30 hadi 40 za gesi, kwa hiyo kilo 40 zitakupa takriban mita za ujazo 1.4 kwa siku. Jiko dogo la kichwa kimoja hutumia kama mita ya ujazo 0.35 kwa saa. Unapata saa nne za moto, ukizigawa asubuhi na jioni.

Ukubwa wa mtambo unatokana na siku ambazo kinyesi kinakaa ndani. Kinyesi huchanganywa na maji kiasi sawa, ndoo kwa ndoo, basi kila siku zinaingia lita 80. Kwa siku 50 ni lita 4,000, na juu yake inahitajika nafasi ya kuhifadhia gesi. Mtambo wa kuba wenye jumla ya mita za ujazo 6 unafaa. Penye baridi kinyesi kinahitaji siku nyingi zaidi, na chini ya nyuzi 15 kazi inakaribia kusimama.

Kabla hujachimba, jiulize kuhusu maji. Lita 40 kila siku, kiangazi na masika. Mkojo unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji hayo, si yote, kwa sababu amonia ikizidi inawalemaza wadudu wa ndani. Nimeona mitambo mizuri iliyogeuka mashimo makavu kwa sababu ya maji tu.

Mtambo mpya unatoa gesi lakini haiwaki. Kwa nini?

Wiki za mwanzo gesi ni kaboni dayoksaidi kwa sehemu kubwa. Iachilie itoke nje, mbali na moto, kisha ujaribu tena baada ya siku chache. Ikifika methani asilimia 55 hivi, itawaka kwa moto wa buluu. Kuharakisha, tia ndoo kadhaa za tope kutoka kwenye mtambo unaofanya kazi.

Gesi ilikuwa nzuri, sasa imepungua.

Anza na uvujaji. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba na utazame mapovu yakifura. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti. Moto ukichezacheza na kulialia, kuna maji kwenye bomba: fungua kitoleo cha maji sehemu ya chini kabisa ya bomba, uyamwage.

Pasipovuja, fikiria kilichoingia. Mimi niliwahi kuosha sakafu ya banda kwa sabuni ya unga, maji yote yakaingia mtamboni, na gesi ikashuka hadi chai tu kwa muda wa wiki mbili. Kinyesi cha ng'ombe aliye kwenye dozi ya antibayotiki kina athari hiyohiyo. Kipeleke kwenye lundo la mboji hadi siku kadhaa baada ya dozi kwisha. Mchanga na udongo haviui kitu, ila hutuama chini na kula nafasi mwaka baada ya mwaka.

Kuna hatari gani?

Inayoua ni kuingia ndani. Mtambo uliofunguliwa, hata ule uliosimama miezi, unaweza kuwa hauna oksijeni na ukawa na hidrojeni salfaidi. Gesi hiyo hunuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi hulemaza pua, na mtu hudhani harufu imekwisha. Mtu akianguka humo, anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Mwite fundi mwenye vifaa, na hadi afike asiingie mtu yeyote. Mashimo ya kuingizia na kutolea yafunikwe kwa zege au mbao nzito, maana watoto huyachungulia.

Nikiwa na bayogesi, bado nahitaji mboji?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Bayogesi inachukua kaboni tu. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu hutoka upande wa pili karibu zote, katika lita zinazokaribia zile 80 ulizoingiza. Tena sehemu kubwa ya nitrojeni sasa iko katika hali ya amonia, tayari kwa mmea kuinywa na tayari vilevile kupaa. Tope hilo likikaa wiki moja kwenye shimo wazi chini ya jua, limepoteza ubora wake mkubwa.

Wala halijawa safi. Ndani ya mtambo usiopashwa joto bakteria wengi hupungua, lakini baadhi ya mayai ya minyoo hutoka hai. Mimi humwaga tope la kila siku kwenye mifereji kati ya mistari ya majani ya ng'ombe na kulifukia palepale, jioni au siku ya mawingu, na kwa mwezi mzima baada ya hapo simlishi ng'ombe majani ya mistari hiyo. Linalobaki namwagia malundo ya mabua makavu badala ya maji. Lundo la tope na mabua peke yake hupata joto hafifu, kwa kuwa chakula rahisi kimeshaliwa mtamboni. Ndiyo maana naongeza masalia mabichi ya majani na ndoo mbili tatu za kinyesi kipya kila wiki, nilizozizuia zisiende mtamboni. Chuma kinaunguza tena siku ya nne au ya tano, badala ya ya tatu.